Barua ya Kuomba Ruhusa ya Idi

Mwezi wa Ramadhani unapoingia kumi lake la mwisho, mameneja wengi wa Nairobi huanza kupokea barua za namna moja. Nyingine huandikwa juu ya karatasi iliyochanwa katika daftari, nyingine hupigwa chapa vizuri, na siku hizi nyingi huja kwa simu ya mkononi. Lakini maneno yake ni yale yale. Mwandishi ni Mwislamu, kwao ni mbali, Idi imekaribia, naye aomba ruhusa ya siku chache akasali pamoja na wazee wake. Meneja huisoma, huiweka kando, na pengine hajibu mpaka siku yenyewe imefika. Hapo mwenye barua hudhani ya kuwa amenyimwa kwa ajili ya dini yake. Wako waliopatwa na hayo kweli, lakini mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: barua haikumwambia meneja hata jambo moja katika yale ambayo lazima ayajue kabla ya kutia sahihi.

Kisa cha karani mmoja wa ghala kitalieleza jambo hili vizuri zaidi. Karani huyo alizaliwa kisiwani Lamu, na mwaka 2023 alikuwa amekwisha kufanya kazi miaka mitatu katika ghala la vifaa vya ujenzi katika Eneo la Viwanda la Nairobi. Kazi yake ilikuwa kupokea na kutoa mabati, misumari, rangi na saruji, na funguo za ghala zilikaa mfukoni mwake. Ofisi yao hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka ule, zikiwa zimebaki siku nne tu kabla ya Idi, alimwandikia meneja wake maneno haya:

"Bwana Meneja, kwa heshima na taadhima nakuandikia barua hii nikitumaini u mzima. Sikukuu yetu tukufu ya Idi imekaribia, na kila Mwislamu apenda kuwa kwao siku hiyo. Nakuomba unipe ruhusa ya siku chache niende Lamu nikawaone wazazi wangu. Natumaini utanihurumia. Mimi mtumishi wako mtiifu."

Barua hiyo ilirudi baada ya siku mbili, na chini yake meneja ameandika kwa kalamu ya risasi: "Siku ngapi? Kuanzia lini? Funguo kwa nani?" Maswali matatu tu, wala hakuna hata moja lililohusu dini. Lakini mpaka karani atafute mtu wa kushika funguo na kuyajibu, nafasi katika mabasi zilikuwa zimekwisha. Idi akaisali Nairobi, katika msikiti wa Pumwani, akazungumza na baba yake kwa simu, akamwahidi kwamba mwaka ujao hatakosa.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule baba alifariki. Desturi ya Waislamu ni kumzika maiti mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku ile ile, na safari ya basi ya Nairobi hadi Lamu haimalizwi kwa siku moja. Karani alifika kaburi limekwisha kufukiwa, akahudhuria hitima, akarudi kazini. Mama yake hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba Idi ijayo yeye ndiye mkubwa wa nyumba, na ndugu zake watamngoja.

Basi mwaka 2024 ulipofika, karani alikaa chini kuitengeneza barua yake kama mtu apangaye safari ya bahari. Jambo la kwanza alilolifikiri ni tarehe, na hapa ndipo penye ugumu ambao wenye sikukuu nyingine hawaujui. Krismasi ni tarehe 25 Desemba kila mwaka, na Pasaka, ijapokuwa yahama, kalenda huitaja miaka mingi mbele. Idi ya kufungua huja na mwandamo wa mwezi. Jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani watu hutazama magharibi. Mwezi ukionekana, kesho ni Mfungo Mosi, nayo ni Idi. Usipoonekana, watu hutimiza siku ya 30, na Idi huwa kesho kutwa. Kwa hiyo mtu aweza kula daku usiku asijue kwamba ni ya mwisho.

Wengi hulifanya jambo hili kuwa udhuru wa kutoandika tarehe yoyote. Husema, "Nitaandikaje tarehe, na mwezi haujaandama?" Lakini fikira hiyo si sawa. Ramadhani ikisha kuanza, siku zinazoweza kuwa Idi hubaki mbili tu, wala haiwezekani kuwa tatu. Na kwa kuwa siku 29 ni majuma manne na siku moja, hesabu yake ni nyepesi hata kwa asiye na kalenda: ikiwa saumu ya kwanza ni Jumanne, Idi itakuwa Jumatano au Alhamisi, ikiwa ya kwanza ni Ijumaa, Idi itakuwa Jumamosi au Jumapili. Kwa hiyo siku iliyo njema kuliko zote ya kuandika barua ya Idi ni siku ya kwanza au ya pili ya kufunga. Kabla ya hapo hujui mwezi umeanza lini. Na ukingoja kumi la mwisho, meneja hana tena nafasi ya kupanga watu wake.

Mwaka 2024 saumu ilianza nchini Kenya Jumanne tarehe 12 Machi. Karani akajua siku ile ile kwamba Idi itakuwa Jumatano tarehe 10 Aprili au Alhamisi tarehe 11.

Jambo la pili lilikuwa njia. Meneja aliyezaliwa bara aweza kudhani kwamba Lamu ni karibu na Mombasa, na kwamba mtu akisha kufika Mombasa amefika. Sivyo. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni mwendo wa kilomita 480 na zaidi, na basi la usiku huumaliza alfajiri. Kutoka Mombasa bado kuna njia ya Malindi, Garsen na Witu mpaka gati ya Mokowe, nayo ni kilomita 300 na zaidi. Baada ya taabu za usalama za mwaka 2014, mabasi yalikuwa yakiipita njia ile mchana, kwa hiyo aliyekosa basi la asubuhi alilala Mombasa. Kutoka Mokowe abiria hupanda boti mpaka kisiwani. Reli mpya iliyoanza mwaka 2017 huwasaidia wengi, lakini kituo chake kiko Miritini, nayo haiondoi hata kilomita moja katika ile sehemu ngumu iliyobaki. Tena mwezi wa Aprili ni masika, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 yalikuwa yameikata barabara ya Garsen kwenda Lamu.

Karani akahesabu akianza mwisho, kama wafanyavyo wasafiri wenye akili. Mwezi ungetazamwa Jumanne jioni tarehe 9. Ilimpasa awe nyumbani kabla ya saa hiyo, maana Idi ingeweza kuwa asubuhi ya pili yake, na zaka ya Fitri hutolewa kabla ya sala ya Idi. Basi aondoke Nairobi Jumapili usiku tarehe 7, afike Mombasa Jumatatu alfajiri, apande basi la Lamu, na awe kisiwani Jumatatu jioni. Jumanne ingebaki kuwa akiba ya njia. Kurudi, aondoke Lamu Jumamosi asubuhi tarehe 13, apande basi la usiku Mombasa, awe Nairobi Jumapili asubuhi, na Jumatatu tarehe 15 awe kazini saa mbili.

Hapo ndipo alipoona jambo lililomfurahisha. Katika juma lile kuna siku tano za kazi: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Moja kati yake itakuwa sikukuu ya taifa, kwa kuwa Idi ya kufungua mfungo imo katika sheria ya sikukuu za Kenya, na watu wote hupumzika, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Mwezi ukiandama mapema, Jumatano ndiyo sikukuu, naye atatumia siku nne za likizo: Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Ukichelewa, na Alhamisi ikawa sikukuu, atatumia Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa. Bado ni nne. Hata Serikali ikitangaza Jumatano na mwezi ukaifanya Idi kuwa Alhamisi, jambo ambalo laweza kutokea kwa kuwa tangazo la Serikali huweza kutoka kabla mwezi haujaonekana, hesabu haibadiliki: Jumatano ni sikukuu ya taifa, na Alhamisi ni siku yake ya likizo. Kwa hiyo aliweza kumwandikia meneja idadi kamili ya siku, bila "labda" hata moja, zikiwa zimebaki karibu majuma manne.

Hesabu haiwi nyepesi hivyo kila mwaka. Saumu ikianza Alhamisi, Idi yaweza kuwa Ijumaa au Jumamosi. Ikiwa Ijumaa, mfanyakazi wa Jumatatu hadi Ijumaa amepata siku moja ya sikukuu ndani ya juma. Ikiwa Jumamosi hakupata kitu, kwa sababu sheria ya Kenya huihamisha kwenda siku inayofuata sikukuu iliyoangukia Jumapili, lakini haiihamishi iliyoangukia Jumamosi. Katika mwaka kama huo iliyo salama ni kuomba ile idadi kubwa, na kuandika wazi kwamba siku moja itarudishwa katika hesabu ya likizo endapo Idi itakuwa Ijumaa. Aombaye idadi ndogo kisha akapiga simu usiku wa mwandamo kuomba nyongeza humtia meneja katika tabu, naye meneja huikumbuka mwaka wa pili.

Jambo la tatu lilikuwa haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye mshahara kamili, kila atimizapo miezi 12 ya utumishi mfululizo. Likizo hiyo yaweza kugawanywa mafungu ikiwa mwajiri na mfanyakazi wamekubaliana, lakini sheria yataka fungu moja liwe la majuma mawili ya kazi yasiyokatwa, isipokuwa wamepatana vingine. Karani akazigawa siku zake juu ya karatasi: siku 10 kwa majuma mawili kamili, siku 4 kwa Idi, zikabaki 7. Maana yake, alichokuwa akikiomba kilikuwa chake tayari. Lililohitaji kukubaliwa na meneja lilikuwa ni wakati wa kukitumia. Tofauti hii ni ndogo kuitamka, lakini huibadili barua nzima, kwa sababu mtu anayeomba wakati hana haja ya kuomba huruma. Ana haja ya kuonyesha kwamba wakati ule hautaiharibu kazi.

Aliyeajiriwa karibuni asijidanganye kwa maneno haya. Mwenye miezi saba tu kazini hajaifikia haki ya siku 21, naye na aseme hivyo mwenyewe katika barua, aombe siku alizokwisha kuzichuma ikiwa ndiyo desturi ya ofisi yake, au likizo isiyo na mshahara. Meneja atakwenda kulitazama faili lake kwa vyovyote.

Likabaki swali la funguo, lile lililomshinda mwaka uliopita. Katika ghala lile alikuwako karani mwenzake, Mkristo wa Bungoma, ambaye naye alikuwa na safari yake. Mwaka ule Pasaka na Idi zilikaribiana sana: Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 Machi, na Jumatatu ya Pasaka tarehe 1 Aprili. Mwenzake alitaka kuongeza Jumanne na Jumatano apate kukaa na watu wake. Wakapatana kabla ya yeyote kumwendea meneja. Huyu atashika funguo tarehe 2 na 3, na yule atazishika kuanzia tarehe 8 hadi 12. Wengine watasema kwamba siku mbili kwa siku nne si biashara ya haki. Lakini yule wa Bungoma alijibu kwamba Krismasi bado yaja, na deni halioizi.

Barua aliiandika tarehe 13 Machi, siku ya pili ya saumu, kwa Kiingereza cha ofisi. Kwa Kiswahili yasema hivi:

"Kwa Bwana Meneja. Habari: kuomba siku 4 za likizo ya mwaka, Aprili 2024.

"Bwana, naomba siku 4 za kazi kutoka katika likizo yangu ya mwaka ili niende nyumbani Lamu kwa sikukuu ya Idi. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Ijumaa tarehe 5 Aprili, na nitarudi kazini Jumatatu tarehe 15 Aprili saa mbili asubuhi.

"Idi itakuwa Jumatano tarehe 10 au Alhamisi tarehe 11, kwa kadiri mwezi utakavyoonekana. Siku itakayotangazwa kuwa sikukuu haitahesabiwa katika likizo, na siku nyingine nne za juma hilo ndizo ninazoziomba. Idadi ni 4 kwa vyovyote vile.

"Mwaka huu nina haki ya siku 21, na sijatumia hata moja. Nikipewa hizi zitabaki 17.

"Hesabu ya mali ya mwisho wa Machi nitaimaliza na kukuletea kabla sijaondoka. Mwenzangu wa ghalani amekubali kushika funguo, naye ametia sahihi chini ya barua hii. Ijumaa tarehe 5 saa nane mchana tutahesabu pamoja mabati, saruji na rangi, na nakala ya makabidhiano utaipata siku ile ile. Mizigo inayotazamiwa juma hilo nimeiandika katika karatasi iliyoambatishwa.

"Safari ya Lamu huchukua usiku mmoja na siku moja, na Aprili ni wakati wa mvua. Njia ikikatika wakati wa kurudi nitakupigia simu Jumamosi tarehe 13 kabla ya jua kuchwa, na siku itakayozidi ikatwe katika likizo yangu.

"Hii ni Idi ya kwanza tangu kufariki kwa baba yangu, nami ndiye mkubwa wa nyumba. Ningefurahi kupata jibu lako kabla ya tarehe 20 Machi, kwa sababu mabasi ya Lamu hujaa mapema. Wako mtiifu."

Habari ya baba imepewa sentensi moja tu, tena karibu na mwisho. Karani alikuwa ameandika kwanza aya nzima juu ya maziko aliyoyakosa, kisha akaifuta. Si kwamba aliona haya. Aliona kwamba meneja akisha kusoma aya ile, kumnyima kungekuwa ukatili na kumpa kungekuwa sadaka, na yeye hakutaka lolote kati ya hayo mawili. Sentensi moja yatosha kumjulisha mtu kwa nini safari hii haiwezi kuahirishwa mpaka Mei. Wako wanaofanya kinyume chake: huficha Idi na kumuua nyanya ambaye amekwisha kufa mara mbili katika faili la ofisi. Huo ni upumbavu usiokuwa na haja, kwa kuwa Idi yenyewe ni sababu ya haki, na katiba ya mwaka 2010 humlinda mtu asinyimwe kazi kwa ajili ya dini yake. Lakini karani hakuitaja katiba popote. Aliziweka sheria kichwani mwake, akazitumia kuhesabu siku. Kuzitia katika barua ya kwanza kungekuwa sawa na kumwendea jirani kuazima ngazi ukiwa umefuatana na wakili. Kama angenyimwa bila sababu, hapo barua ya pili ingekuwa na maneno mengine.

Ombi la jibu kabla ya tarehe 20 nalo si ujeuri, kama wengine wanavyodhani. Meneja asiyeambiwa siku ya mwisho huiona barua kuwa inaweza kungoja, na barua inayoweza kungoja hungoja. Karani alitaja siku na alitaja sababu ya siku hiyo, na sababu yenyewe ilikuwa mabasi.

Meneja aliisoma, akamwita. Alikuwa na swali moja, nalo lilikuwa juu ya mzigo wa mabati uliotazamiwa kufika tarehe 9: mwenzake amewahi kupokea mabati peke yake? Karani akajibu kwa kweli kwamba hajawahi, na kwamba mabati yana udanganyifu wake, kwa kuwa kipimo cha unene huandikwa juu ya bunda lakini lazima bati moja lipimwe. Meneja akasema basi amfundishe kabla hajaondoka. Wakapatana wafanye hivyo tarehe 21 Machi, mzigo mwingine ufikapo. Kisha akatia sahihi. Barua ya mwaka uliopita hakuitaja, na huenda alikuwa ameisahau kabisa. Aliyeandika barua hasahau.

Tiketi ilinunuliwa tarehe 16 Machi. Ijumaa tarehe 5 Aprili wakahesabu ghala, wakakuta mikebe miwili ya rangi haimo katika leja, wakaitafuta mpaka saa kumi na moja jioni, nayo ilikuwa nyuma ya mlango. Jumapili usiku karani akaondoka. Njia ilikuwa na matope lakini ilipitika, naye alishuka gati ya Lamu Jumatatu, jua likiwa karibu kuchwa, akafuturu nyumbani kwao.

Idi ya mwaka ule ilikuwa Jumatano tarehe 10 Aprili, na siku hiyo ndiyo iliyotangazwa na Serikali kuwa sikukuu. Asubuhi karani alitoa zaka ya Fitri kwa ajili ya kila mtu wa nyumba ile, kama baba yake alivyokuwa akifanya, akawatangulia ndugu zake kwenda kusali. Baada ya sala wakaenda makaburini.

Jumatatu tarehe 15 alikuwa mlangoni mwa ghala kabla ya saa mbili, amebeba kikapu cha halua kwa ajili ya yule wa Bungoma. Mabati ya tarehe 9 yalikuwa yamepokewa. Bunda moja lilikuwa limewekwa kando na kufungwa kamba nyekundu, na juu yake karatasi yenye mwandiko wa mwenzake: "Nimepima. Ni membamba kuliko yalivyoandikwa. Yarudishwe." Katika daftari la likizo meneja alikuwa ameandika 21, chini yake 4, chini yake 17. Karani akatia sahihi mbele ya tarakimu hizo, kisha akamwuliza meneja kama angeweza kuzungumza naye mapema juu ya Idi Kubwa ya mwezi wa Juni. Hiyo, alimweleza, tarehe yake hujulikana siku tisa kabla, kwa kuwa mwezi wa Mfungo Tatu huonekana mwanzo na Idi huwa siku ya kumi. Na tena sheria ya sikukuu huitaja kuwa siku ya Waislamu, wala si ya watu wote, mpaka Serikali itangaze vingine. Meneja alichukua kalamu ya risasi, akavuta karatasi, akamwambia aanze tena pole pole.